Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa mamlaka ya michezo ya kubahatisha: 7.00 yenye alama ya moto

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu na heshima. Ulipoahidi kwamba kila bei ya kubeti itakuwa wazi kwa mteja, wengi walipiga makofi. Makofi yamekwisha zamani, ahadi bado iko njiani. Barua hii imeletwa na ofa moja iliyowekwa wikiendi iliyopita na kampuni yenye leseni yako, ambayo sitaitaja.

Ofa ilikuwa ya bilda, yaani mkeka wa mechi moja unaounganisha machaguo kadhaa. Machaguo yalikuwa mawili: timu zote kufunga, na magoli yasizidi 2.5. Odsi ya 6.50 imekatwa mstari, pembeni imeandikwa 7.00 kwa rangi nyekundu na alama ya moto. Busti hiyo, yaani odsi iliyopandishwa, kwa wateja wapendwa.

Sasa naomba uhesabu nami taratibu. Timu zote zikifunga, tayari kuna magoli mawili. Likiingia la tatu, chaguo la pili limekufa. Kwa hiyo mkeka ule unashinda kwa matokeo ya aina moja tu: 1-1. Na kwenye ukurasa uleule, ukishuka chini hadi soko la matokeo kamili, 1-1 ilikuwa inauzwa kwa 7.50, bila moto wala rangi. Bidhaa moja, duka moja, na ile iliyopandishwa ndiyo inayolipa kidogo.

Mteja haoni kwa sababu anajilinganisha na kitu kingine. Timu zote kufunga peke yake ilikuwa 1.84, na chini ya 2.5 ilikuwa 1.92. Ukizidisha unapata 3.53. Akiona 7.00 anadhani kaokota. Lakini kuzidisha hakufai hapa, maana machaguo hayo yanavutana: moja linataka magoli, jingine linayakataa. Yakivutana, odsi halali lazima iwe juu sana ya 3.53. Kwa mechi ambayo mwenyeji anatarajiwa wastani wa magoli 1.7 na mgeni 1.0, hesabu ya kawaida ya magoli inaipa 1-1 nafasi kama 11 kati ya 100. Bei isiyo na faida ya kampuni ingekuwa karibu 9. Hata ile 7.50 ina makato yake, na si madogo.

Upande wa pili ni machaguo yanayosaidiana, na ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Chukua mechi hiyohiyo: mwenyeji ashinde, na magoli yazidi 2.5. Kati ya mechi 100 za namna hiyo, mwenyeji anashinda kama 54. Ushindi wake wenye magoli yasiyofika matatu ni wa aina mbili tu: 1-0, ambayo hutokea kama mara 11, na 2-0, kama mara 10. Toa hizo 21, zinabaki 33. Bei safi, ile isiyo na faida ya kampuni, ni 100 gawanya kwa 33, yaani 3.03.

Kampuni inauza ushindi wa mwenyeji kwa 1.76 na ova 2.5 kwa 1.87. Ukizidisha unapata 3.29. Hapa niwe mwadilifu: kampuni ina haki ya kukataa kulipa 3.29. Mteja angeweka dau la 1 kwenye kila moja ya mechi hizo 100, angerudishiwa 33 mara 3.29, takriban 108.6. Hakuna duka linalouza hivyo likabaki wazi. Kwa hiyo kupunguza ni sawa. Swali ni kupunguza hadi wapi. Bilda iliandika 2.65. Hapo mteja anarudishiwa 87.5 na kampuni inabaki na 12.5. Kwenye ushindi wa mwenyeji peke yake ingebaki na 5 hivi. Yaani kisingizio cha machaguo kusaidiana kimeshusha bei hadi 3.03, kisha mkono ukaendelea kushuka bila maelezo.

Halafu ije busti: 2.65 iwe 2.80! Mteja anarudishiwa 92.4, kampuni inabaki na 7.6. Baada ya zawadi yote hiyo, mkeka bado ni ghali kuliko kubeti ushindi wa mwenyeji kwa bei ya kila siku. Tena ofa za namna hii huja na kikomo cha dau, ili hata ikitokea moja nzuri kweli, mtu asifaidi sana. Nadhani ndiyo sababu busti nyingi huwekwa kwenye bilda: ndiko kulikoachwa nafasi ya kupunguza bila kuumia.

Kwa nini makato ni makubwa huku? Sehemu moja ni hesabu tu. Kila chaguo linaingia na makato yake, na yanazidishana: ukirudishiwa 95 kwa 100 kwenye kila chaguo, kwa machaguo matatu inabaki kama 86. Sehemu nyingine ni hofu. Kampuni inakadiria kwa modeli ni mara ngapi mshambuliaji fulani hufunga timu yake inaposhinda kwa magoli mengi, na kwa kuwa kadirio linaweza kukosea, inajiwekea akiba. Gharama ya akiba hiyo analipa mteja.

Lakini sababu ninayoiona kubwa kuliko zote ni kwamba hakuna anayeweza kukagua. Kwenye ova na anda 2.5 kila mtu anaweza: 100 gawanya kwa 1.87 ni 53.5, 100 gawanya kwa 1.92 ni 52.1, jumla 105.6. Hiyo 5.6 ya ziada ndiyo makato, yako mezani. Bilda haina upande wa pili. Huwezi kubeti kwamba mkeka ule utachanika, kwa hiyo hakuna cha kujumlisha. Na mchanganyiko wa machaguo manne hauna bei rahisi ya kulinganisha kwenye soko jingine. Ule wa 1-1 ulinaswa kwa bahati, kwa sababu una jina la pili. Mingi haina.

Mheshimiwa, utaambiwa ni vigumu kitaalamu. Si kweli. Ili kutoa 2.65, mtambo wa bei lazima kwanza ukadirie nafasi ya mkeka kushinda, kisha ndipo faida iwekwe. Bei safi ipo ndani ya mtambo kabla mteja hajaona chochote. Siombi faida ipunguzwe. Wauze watakavyo. Naomba bei safi iandikwe kando ya bei wanayouzia, kwenye kila bilda, na kwenye busti vilevile, badala ya ile odsi iliyokatwa mstari ambayo pengine hakuna mtu aliyewahi kuibeti.

Kama hilo ni zito kwa sasa, basi anza na dogo kabisa: bilda yenye maana sawa na soko lililopo kwenye ukurasa uleule isiuzwe kwa odsi ya chini kuliko soko hilo. Hilo halihitaji kamati. Linahitaji mtu mmoja wa ofisi yako afungue ukurasa, achague timu zote kufunga na chini ya 2.5, kisha ashuke chini aangalie 1-1.

Wako katika kusubiri,
Mfuatiliaji wa odsi