Mchango wa kitongoji umegeuzwa ushahidi kwamba mgonjwa ana uwezo: tufanyeje?

Ndugu Mhariri,

Tunaandika kutoka Uporoto, Mbeya, kwa niaba ya mama mmoja mjane wa miaka 41, kibarua wa mashamba ya viazi, ambaye hadi leo yuko wodini ingawa daktari alishamruhusu siku nne zilizopita. Tunaomba ushauri hasa wa maafisa ustawi wa jamii, wahasibu wa hospitali na yeyote aliyewahi kukaa kwenye vikao vya msamaha wa matibabu.

Mama huyu alifikishwa hospitali kubwa ya mjini kidole tumbo kikiwa kimeshapasuka na usaha umesambaa tumboni. Alifanyiwa upasuaji mara mbili, akakaa wodi ya uangalizi maalumu siku 6 na wodi ya kawaida siku 14. Bili ni shilingi 2,300,000: upasuaji 700,000, uangalizi maalumu 600,000, wodi 140,000, vipimo 214,000, na dawa pamoja na vifaa tiba 646,000. Ndugu walitanguliza 300,000 siku ya kwanza, kwa hiyo deni lililosomwa kwao ni 2,000,000.

Kabla ya kuandika ombi lolote tuliomba bili yenye mchanganuo wa siku kwa siku, maana bili ya jumla haisomeki. Humo zilionekana kasoro mbili. Siku aliyohamishwa kutoka uangalizi maalumu imehesabiwa kote kuwili, yaani shilingi 10,000 za kitanda cha wodi zimezidi. Pia kuna sindano za 84,000 ambazo stoo ya hospitali haikuwa nazo, na ndugu walizinunua duka la dawa nje. Tarehe za risiti ya duka zinalingana na siku zilizoandikwa kwenye bili. Tumepeleka risiti na nakala ya karatasi ya dawa, na mhasibu amekubali kuziondoa zote mbili. Deni halisi sasa ni 1,906,000. Jambo hili linatakiwa kufanyika kwanza, kwa sababu msamaha ukishapitishwa juu ya tarakimu yenye makosa, kosa humezwa ndani ya msamaha na mgonjwa anaonekana amesaidiwa kuliko ilivyo kweli.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mama huyu hayumo katika makundi yanayotibiwa bure kwa sera: si mjamzito, si mtoto wa chini ya miaka mitano, wala si mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo, na ugonjwa wake si wa kudumu. Njia iliyobaki ni msamaha wa mtu asiye na uwezo, ambao lazima uthibitishwe kwa mahojiano na barua ya serikali ya kijiji. Bima ya CHF hana, na kujiunga leo hakulipi bili ya jana. Kaya yake haipo kwenye orodha ya TASAF, kwa hiyo hata karatasi ile ya kumwonyesha afisa ustawi haipo.

Afisa ustawi wa jamii alimhoji vizuri na kwa heshima. Ila aliuliza maswali mawili ambayo ndugu walishindwa kuyajibu: kwa nini hamkuja kwangu siku ya kulazwa, na kama hamna uwezo, 300,000 za siku ya kwanza mlizipata wapi? Ukweli ni kwamba fedha zile zilichangwa usiku ule na nyumba 37 za kitongoji, wengine 2,000, wengine 20,000. Kwenye faili, hata hivyo, zimeandikwa kuwa zimelipwa na mgonjwa. Yaani huruma ya majirani inasomeka kama akiba ya mjane. Tunaona hatari hii ni kubwa kwa vijiji vyetu vyote, kwani hakuna anayemwacha mgonjwa mlangoni akisubiri ofisi ya ustawi ifunguliwe asubuhi.

Tumeandaa barua ya mtendaji wa kijiji, nayo itapita kwa mtendaji wa kata. Inakwenda kwa mkuu wa hospitali, kupitia kwa afisa ustawi wa jamii, YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA GHARAMA ZA MATIBABU. Jina limeandikwa kama lilivyo kwenye faili, pamoja na namba ya faili. Kijijini mama huyu anajulikana kwa jina la marehemu mume wake na hospitalini kaandikishwa kwa jina la baba yake. Barua yenye jina jingine ingerudishwa tu. Badala ya kuandika "ni maskini", tumeeleza anachoishi nacho: kibarua cha 6,000 kwa siku zikiwapo kazi, watoto watatu wanaosoma, nyumba ya tofali mbichi, ng'ombe mmoja, na shamba la ekari moja na nusu alilolima akiwa na mume. Ng'ombe tumemtaja makusudi. Afisa akimkuta kwa kuuliza pembeni wakati barua imemficha, barua nzima inapoteza nguvu.

Ombi lenyewe lina tarakimu. Ng'ombe akiuzwa na shemeji zake wakiongeza, familia italipa 400,000 sasa, kisha 50,000 kila mwezi kwa miezi 6, jumla 700,000. Inaomba isamehewe 1,206,000. Tumeonyesha pia kwamba kiasi hicho hakifikii hata jumla ya upasuaji na uangalizi maalumu, ambayo ni 1,300,000. Dawa na vifaa hospitali imevinunua kwa fedha taslimu, na tunaelewa ni vigumu zaidi kuvisamehe. Kazi ya watumishi na kitanda ni rahisi kidogo kuliko hivyo.

Sasa tunakwama sehemu tatu.

Kwanza, mchango. Tuna daftari la kitongoji lenye majina na kiasi cha kila nyumba. Je, nakala yake iliyopigwa muhuri wa mwenyekiti inatosha kumwondolea mama huyu sifa ya "aliyeweza kulipa", au kuna namna nyingine ambayo kamati za msamaha huikubali?

Pili, ahadi ya malipo. Ofisi ya fedha inataka asaini leo karatasi ya kulipa deni lote, shamba likiwa dhamana, ndipo atoke. Mirathi ya mume haijafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, hakuna msimamizi aliyeteuliwa, na shamba halina hati. Hatuoni anawezaje kuweka rehani kitu ambacho si chake peke yake. Tena, akisaini deni lote kabla kamati haijakaa, je, ombi la msamaha linabaki hai au amekiri kwamba ataliweza? Tulichofikiria ni asaini 700,000 tu, bila dhamana, na iandikwe kwamba salio linasubiri uamuzi.

Tatu, siku za kitanda. Daktari ameandika tarehe ya ruhusa kwenye faili, lakini 10,000 inaendelea kuongezeka kila siku, na 40,000 za siku hizi nne hazimo katika hesabu tuliyotaja hapo juu. Je, mgonjwa aliyeruhusiwa na anayezuiwa na deni anatozwa kitanda kihalali? Na nani wa kuombwa asimamishe hesabu hiyo: muuguzi mkuu wa wodi, mhasibu, au mkuu wa hospitali mwenyewe?

Kamati inakaa Alhamisi. Atakayeweza kujibu swali la pili kabla ya hapo atakuwa ametusaidia zaidi, kwa sababu karatasi ya dhamana iko mezani na mama huyu, kwa hamu ya kurudi kwa watoto, yuko tayari kuisaini.

Wajumbe wa kamati ya huduma za jamii ya kijiji,
Uporoto, Mbeya