Mtoto haongei: tupime masikio kwanza, au tukubali kuwa ni usonji?

Daktari,

Baada ya salamu, ninakuandikia kutoka Ujiji, Kigoma, kuhusu mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka miwili na miezi saba. Mpaka sasa anatamka maneno machache tu yanayoeleweka, na hajawahi kuunganisha mawili yakawa sentensi. Katika kituo kimoja cha afya tulielezwa kwamba, kwa kuwa haitiki akiitwa na hupenda kucheza peke yake, ana usonji. Nilipouliza kuhusu masikio, mhudumu alisimama nyuma yake akapiga makofi, mtoto akageuka, na kwenye kadi ikaandikwa kuwa anasikia vizuri.

Shemeji yangu, ambaye ni muuguzi katika kliniki ya masikio mkoa mwingine, hakuridhika na kipimo hicho. Alinieleza kwamba mtoto anaweza kugeuka kwa sababu ameona kivuli au amehisi upepo wa mikono, na hata kama amesikia kweli, makofi ni kelele kubwa kuliko maneno ya kawaida. Mtoto aliyepungukiwa usikivu, hasa wa sauti nyembamba, anaweza kusikia ngoma, pikipiki na mlango unaobamizwa, huku sauti kama s, f na t zikimpita, hivyo maneno yanamfikia yakiwa na mapengo na hawezi kuyaiga.

Tangu hapo nimekuwa nikimchunguza kwa makini. Nikimwita nikiwa jikoni naye amenipa mgongo, haitiki. Nikimkalia mbele na kusema neno lile lile, huniangalia mdomo na mara nyingi hutii. Akiona mashua ziwani hunionyesha kwa kidole, kisha hunitazama usoni kuhakikisha nami nimeiona, na shemeji anasema tabia hiyo mara nyingi ndiyo inayopungua kwa mtoto mwenye usonji, ingawa kuwepo kwake pekee hakutoshi kuuondoa. Tena hali yake hubadilika: akiwa na mafua, na huyapata mara kwa mara, huwa kama hayupo kabisa, na yakipona hurudi kidogo. Usiku hulala mdomo wazi na kukoroma. (Bibi yake yeye anasema akatwe kimeo, jambo ambalo nimelikataa.)

Kwa dalili hizo shemeji anashuku ute uliokwama nyuma ya kiwambo cha sikio, ambao hauumi wala hautoi usaha, kwa hiyo wazazi hawauoni. Ute huo huzuia kiwambo kutikisika vizuri na kupunguza usikivu kwa kiasi, si kuuondoa wote. Amenishauri tuombe vipimo viwili vifanyike pamoja. Cha kwanza ni kile cha kusukuma hewa kidogo sikioni ili kuona kama kiwambo kinatikisika. Cha pili huingiza sauti ndogo na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka sikio la ndani. Mtoto hahitaji kujibu chochote, ila atulie, ikiwezekana awe amelala. Sababu ya kuvitaka vyote ni kwamba ute unaweza kuuzuia mwangwi hata kama sikio la ndani ni zima, na anayesoma kipimo cha pili peke yake anaweza kudhani mtoto ana uziwi wa kudumu.

Baba yake ameshakubali tusafiri hadi Mwanza kwa vipimo hivyo, lakini si safari ya kurudiwa ovyo, ndiyo maana naomba ushauri kabla hatujaondoka. Nimeambiwa ute mara nyingi hukauka wenyewe ndani ya miezi mitatu, na kwamba usipokauka na usikivu ukabaki chini, daktari anaweza kutoboa kiwambo na kuweka kijineli kidogo. Je, ukionekana, tusubiri miezi hiyo hapa nyumbani, au kwa mtoto ambaye lugha yake imechelewa kiasi hiki kusubiri hakufai? Na kama mwangwi ukirudi vizuri, je, hiyo inatosha, au tuombe pia kipimo cha mishipa kinachofanywa mtoto akiwa usingizini, kwa kuwa nimesikia sauti inaweza kupokelewa vema na sikio la ndani kisha ikavurugika njiani kuelekea ubongoni?

Jambo la mwisho ndilo linalotugawa mimi na mume wangu. Yeye anaona suala la usonji liwekwe kando kabisa mpaka majibu ya masikio yatoke. Mimi naogopa, kwa sababu shemeji ananiambia mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Je, inafaa tuanze sasa mazoezi ya kuongea naye uso kwa uso na tumpeleke kwa mtaalamu wa ukuaji wa watoto wakati huo huo, au mtaalamu huyo naye atashindwa kumpima ipasavyo kabla hajajua anasikia kiasi gani?

Mama wa Ujiji, Kigoma