Kwa nini moshi wa mlipuko kwenye gemu yako unakatika ghafla badala ya kufifia

Hii ndo kazi tunayoletewa kuliko zote hapa kwetu kwenye efekti za gemu. Mteja anatuma video, pipa la mafuta linalipuka, moto mzuri, moshi unapanda vizuri tu, halafu pu! moshi wote umepotea kama mtu kazima taa. Na karibu kila mara anaandika "lakini alfa nimeishusha hadi sifuri, nimehakikisha". Na kweli ameishusha, hadanganyi. Kwa hiyo leo tueleze hii kitu vizuri, tutatumia Unity kwa sababu wengi mnaotuletea mnaitumia na ile Particle System yake ya kawaida, ila hesabu yenyewe ni ileile injini yoyote ile.

Kabla hujagusa grafu yoyote, kwanza jua unakatikiwa na nini. Chagua efekti yako, kwenye kile kidirisha kidogo cha `Particle Effect` ndani ya Scene shusha `Playback Speed` hadi 0.1 uangalie mwisho polepole. Kama hapo moshi unafifia poa lakini ukicheza gemu yenyewe unakatika, basi acha rangi na alfa, mchawi ni skripti. Mara nyingi tunakuta kitu kama hiki:

```csharp
Destroy(gameObject, 2f);
```

halafu chembe zimepewa uhai kati ya sekunde 1.5 na 2.5, sasa zile za sekunde 2.5 zinachinjwa zikiwa bado zinaonekana. Futa huo mstari, nenda kwenye moduli kuu weka `Stop Action` iwe `Destroy`, Unity itasubiri chembe ya mwisho ife ndo iondoe kitu. Na kama moshi ni mtoto wa kombora, yaani umefungwa ndani ya kitu kinachoharibiwa kikigonga ukuta, utaondoka nacho tu upende usipende, hivyo uachanishe kwanza:

```csharp
moshi.transform.SetParent(null);
moshi.Stop(true, ParticleSystemStopBehavior.StopEmitting);
```

Hiyo ndo rahisi, imeisha. Sasa kama hata kwenye Scene kwa kasi ya 0.1 bado unaona moshi umekaa mzito mzitoo halafu mwisho unaporomoka haraka, hapa ndo penyewe, na hapa ndo watu wanapoteza muda kwa sababu wanaangalia chembe moja wakati macho yanaona rundo.

Chukua kazi moja kama ile ya pipa. Moshi ni chembe 10 zinazotoka kwa mpigo mmoja, kila moja inaishi sekunde 2 kamili, na alfa kwenye `Color over Lifetime` inashuka mstari mnyoofu kutoka 1 hadi 0. Kwa karatasi inaonekana safi kabisa. Lakini zile chembe zimelaliana pale katikati, na kulaliana ni kama vyandarua, kimoja unaona ng'ambo bila shida, ning'iniza kumi mfululizo huoni kitu. Kiasi cha mandhari kinachofunikwa kinapatikana hivi, `a` ni alfa ya chembe moja na `n` ni idadi ya zilizolaliana:

```
ufunikaji = 1 - (1 - a)^n
```

Weka namba sasa. Sekunde ya 1, nusu ya uhai, alfa ni 0.5 na moshi unafunika zaidi ya asilimia 99, yaani kwa macho hakuna kilichofifia bado. Sekunde 1.4 alfa ni 0.3, bado asilimia 97. Sekunde 1.6 alfa 0.2, asilimia 89. Sekunde 1.8 alfa 0.1 tu, na bado asilimia 65! Kwa hiyo kufifia kote ulikokuwa unakutegemea kwa sekunde mbili kumesukumwa kwenye zile sehemu chache za mwisho, na jicho linaona kukatika. Alfa ilifika sifuri kweli, ila ilifika imechelewa kupungua.

Dawa ni kugeuza hesabu. Amua unataka rundo zima lifunike kiasi gani kwa wakati fulani, halafu tafuta alfa ya chembe moja:

```
a = 1 - (1 - ufunikaji)^(1/n)
```

Kwa chembe 10, ukitaka rundo lifunike nusu, kila chembe inatakiwa iwe na alfa kama 0.067. Watu wakiona hiyo namba wanadhani tumekosea desimali, kwenye kile kipimo cha 0 hadi 255 ni 17 tu! Lakini ndo hivyo. Kwa pipa letu tulitaka moshi uanze kufifia ukifika asilimia 40 ya uhai na uende taratibu hadi mwisho, vituo vya alfa vikawa hivi: asilimia 40 tunaweka 76, asilimia 55 tunaweka 33, asilimia 70 tunaweka 17, asilimia 85 tunaweka 7, na mwisho 0. Ukiitazama hiyo grafu inaporomoka mapema halafu inavuta mkia mrefu, kwa chembe moja ni mbaya kabisa, karibu haionekani nusu ya maisha yake, ila kwa rundo inatoka laini. Gradienti ya Unity inakubali vituo 8 vya alfa kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha. Hesabu hii ni ya pale katikati palipojaa, pembeni ambako chembe zimelaliana mbili tatu patafifia mapema, na hilo ni zuri, moshi wa kweli nao unaanza kuliwa pembeni.

Pamoja na hapo badilisha `Start Lifetime` isiwe 2 kavu, iwe `Random Between Two Constants`, 1.5 na 2.5. Chembe kumi zinazokufa fremu moja ni kosa hata kama alfa iko sawa, maana doa lolote lililobaki linabaki mara kumi. Zikifa kwa kupishana zile leya zinapungua moja moja zenyewe.

Sasa flipbuku, ile picha moja kubwa iliyokatwa vyumba vyumba, kila chumba fremu moja ya moshi. Wengi wanaokuja kwetu wana ya 4 kwa 4, fremu 16. Ukizitandaza kwenye sekunde 2 kila fremu inakaa sekunde 0.125, yaani fremu 8 kwa sekunde, na hapo kila ikibadilika unaona moshi unaruka, kwa hiyo hata alfa ikishuka kama mafuta bado utasema "inakatakata". Ya 8 kwa 8 ina fremu 64, kwenye picha ya 2048 kwa 2048 kila fremu inapata pikseli 256 kwa 256, kwa gemu ya simu inatosha sana.

Ila usiziache zitembee kwa mwendo mmoja. Mlipuko unabadilika haraka mwanzoni na kuzubaa mwishoni, kwa hiyo kwenye `Texture Sheet Animation`, `Time Mode` ibaki `Lifetime`, na grafu ya `Frame over Time` ipande kwa kasi kwanza: ikifika robo ya uhai iwe tayari imetumia nusu ya fremu. Kwa chembe ya sekunde 2 ni fremu 32 ndani ya nusu sekunde, halafu 32 zilizobaki zinagawana sekunde 1.5, kama 21 kwa sekunde. Hiyo 21 peke yake ingeonekana inarukaruka kidogo, ndo maana tunawasha `Flip-Book Frame Blending` kwenye sheda ya chembe (kwenye URP utaikuta kwa jina la `Flip-Book Blending`), inachanganya fremu moja na inayofuata. Ukiiwasha hakikisha kwenye `Renderer`, ndani ya `Custom Vertex Streams`, zipo `UV2` na `AnimBlend`, zikikosekana sheda haina data ya kuchanganyia na unabaki unashangaa mbona hamna kilichobadilika. Na usidhani kuchanganya kunaokoa flipbuku yenye fremu chache, ukichanganya fremu mbili zilizo mbali unapata mizimu, moshi wa zamani na mpya vinaonekana kwa pamoja.

Kuna kitu kimoja kidogo kinachosumbua kweli. Grafu ya fremu ikigusa ukingo kabisa, baada ya fremu ya mwisho inayofuata ni ya kwanza, na ya kwanza kwenye mlipuko ni ule mwako mweupe. Mteja anatuambia "mwishoni kuna kamwanga kanapiga", ndo huyo. Usiipandishe grafu hadi juu kabisa, iache chini kidogo ya ukingo, na `Cycles` iwe 1. Sisi tukitengeneza flipbuku wenyewe tunaacha fremu ya mwisho tupu, na kila chumba kina nafasi tupu pembeni, maana kikijaa hadi kwenye ukuta, ukiwa mbali utaona mistari ya fremu ya jirani imevuja.

Na kabla hujapaka ile grafu ya alfa tuliyoipanga, fungua flipbuku yako uangalie fremu za mwisho. Kuna zilizotengenezwa moshi unajichanika wenyewe hadi unaisha, nyingine, hasa za bure, fremu ya 64 bado ina moshi mnene. Ile ya kwanza ukiiwekea na alfa yetu unafifisha mara mbili, moshi unapotea nusu ya safari, hiyo iachie alfa juu na uiguse kwenye asilimia 15 za mwisho tu. Ile ya pili inahitaji grafu yote.

Kama unaandika sheda mwenyewe ipo njia tunayoipenda zaidi, badala ya kufifisha moshi mzima kwa usawa unauacha uliwe kuanzia sehemu nyepesi:

```hlsl
col.a = tex.a * smoothstep(e, e + 0.2, tex.a);
```

`e` inatoka -0.2 mwanzo wa uhai hadi 1 mwisho, unaipitisha kwa `Custom Data`. Moshi unabaki na umbo, unatoboka na kupasuka vipande badala ya kuwa ukungu wa kijivu. Inafaa kwa chembe chache kubwa zenye picha nzuri, kwa chembe nyingi ndogondogo hutaona tofauti, usijisumbue.

Saizi, kwa ufupi: `Size over Lifetime` ianze kama 0.4 ipande haraka hadi karibu 1 na iendelee kukua kidogo kidogo mpaka mwisho. Usirudishe saizi chini ili "isaidie kufifia", moshi unaosinyaa unaonekana unavutwa kurudi ndani ya pipa.

Ukitaka tukuangalizie wako, tutumie prefabu pamoja na picha ya flipbuku, video fupi ya ndani ya gemu (siyo ya Scene peke yake), utuambie na ile skripti inayouita mlipuko ni ipi na inafanya nini ukiisha. Ukisahau ya skripti tutakuuliza tu, maana hapo ndo tunaanzia.