Barua kwa mwanangu: kadhi wa Kordoba na hukumu ya falsafa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana na bado anauliza kama unakula vizuri.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwenzako wa bwenini amekwambia kuwa somo la falsafa ulilochukua litakutoa kwenye dini, kwa sababu mwanafalsafa akikutana na aya isiyokubaliana na akili yake huigeuza maana, na mwenye kugeuza maana ya aya amekufuru. Ningeweza kukujibu kwa maneno yangu, lakini yupo mtu aliyelishika swali hili kwa mikono miwili zaidi ya miaka 800 iliyopita, naye hakuwa mzushi wa pembeni. Alikuwa kadhi.

Ibn Rushd alizaliwa Kordoba, Andalusi, mwaka 1126. Babu yake, waliyeitwa jina moja, alikuwa kadhi mkuu wa mji huo, na mjukuu naye akaja kuhukumu Sevilla kisha Kordoba. Ndiye mwandishi wa Bidayatul Mujtahid, kitabu cha fikihi ambacho masheikh wetu wanakinukuu mpaka leo, wengine bila kukumbuka kwamba ni yuleyule aliyefafanua vitabu vya Aristotle. Karibu mwaka 1179 aliandika kitabu kifupi kiitwacho Faslul Maqal, na mlango wake wa kwanza ni wa kikadhi kabisa: je, kwa mujibu wa sharia, kusoma falsafa na mantiki ni halali, ni haramu, au ni jambo lililoamrishwa, na kama limeamrishwa, ni suna au wajibu?

Tazama alivyouliza. Watu wengi hudhani kwamba aliiweka dini kizimbani, akili ikakaa kitini kuhukumu. Ni kinyume. Akili ndiyo iliyoletwa mahakamani, na sharia ndiyo inayotoa hukumu. Kwa hiyo ushahidi wake wa kwanza hautoki kwa Wagiriki, unatoka katika sura ya Al-Hashri, aya ya 2, pale Mwenyezi Mungu anapowaambia wenye macho wazingatie. Mafakihi walikuwa wakiitumia aya hiyo kuthibitisha kiyasi, yaani kuchukua hukumu ya jambo linalojulikana na kuipeleka kwenye jambo lisilotajwa. Ibn Rushd anawaambia wenzake: ikiwa nyinyi mmetoa humo wajibu wa kiyasi cha fikihi, basi anayetaka kumjua Muumba kupitia viumbe vyake ana haki zaidi ya kutoa humo wajibu wa kiyasi cha akili. Na wakisema kiyasi cha akili ni bidaa kwa kuwa hakikuwepo zama za mwanzo, yeye anajibu kuwa kiyasi cha fikihi nacho kilibuniwa baada ya zama hizo, wala hakuna anayekiita bidaa.

Linabaki pingamizi kwamba elimu hii ilitungwa na watu wasio Waislamu. Hapo ana mfano ambao mchinjaji yeyote ataukubali: kisu cha kuchinjia hakiulizwi kilikuwa cha mtu wa dini gani, kinaulizwa kama kimetimiza masharti ya kuchinjia. Walichosema wa kale tukipime. Kikiwa sahihi tukichukue na kuwashukuru, na kikiwa na kosa tulitaje na tuwape udhuru.

Sasa tuje kwenye jambo linalomkera mwenzako, yaani taawili. Msingi wa Ibn Rushd ni kwamba haki haipingani na haki. Burhani, yaani hoja ya yakini iliyojengwa juu ya misingi isiyo na shaka, ikikufikisha kwenye jambo fulani, basi moja kati ya haya litakuwa: ama sharia imelinyamazia, na hapo hakuna mgongano, ama imelitaja. Ikiwa imelitaja na maneno ya dhahiri yanaafikiana na burhani, hakuna la kusema. Yakitofautiana, ndipo maneno yanapofanyiwa taawili.

Lakini taawili kwake si kujisemea unavyotaka. Ni kulitoa neno katika maana yake ya hakika na kulipeleka kwenye maana ya majazi, kwa sharti kwamba usivunje desturi ya lugha ya Kiarabu katika majazi. Kitu kinaweza kuitwa kwa jina la kinachofanana nacho, au la sababu yake, au la kinachokifuata, au la kinachoandamana nacho. Mwarabu asipolitumia neno kwa namna hiyo, taawili yako imeanguka hata kama hoja yako ni nzuri namna gani. Anaongeza kwamba ukiipekua sharia yote utakuta mahali pengine maneno ambayo dhahiri yake inaishuhudia taawili hiyo, au inakaribia kuishuhudia.

Wala hakuwa akileta kitu kigeni. Waislamu, anasema, wamekubaliana kuwa si lazima kila neno la sharia lichukuliwe kwa dhahiri yake, wala si halali kila neno litolewe kwenye dhahiri yake. Wanachogombania ni lipi na lipi. Maashaari, ambao ndio akida ya Mashafi wengi wa pwani yetu, walizifanyia taawili aya ya istiwa, inayotaja Mwenyezi Mungu kustawi juu ya Arshi, na hadithi ya kushuka kwake kwenye mbingu ya dunia; Mahanbali wakaziacha kama zilivyo. Na jirani zetu Waibadhi wa Zanzibar na Omani nao wana taawili zao katika sifa za Mwenyezi Mungu. Hivyo mwenzako kabla ya kukuhukumu angejiuliza yeye mwenyewe anaisomaje aya ya istiwa.

Aya anayoitegemea ni ya 7 ya Al Imran, inayotaja aya zilizo wazi na zinazofanana. Fungua msahafu wako uone. Inasema hakuna ajuaye taawili yake ila Mwenyezi Mungu, kisha inawataja waliobobea katika elimu. Misahafu mingi ina alama ya kusimama baada ya jina la Mwenyezi Mungu, na ukisimama hapo, waliobobea wanaanza sentensi mpya: wanasema tumeamini, basi. Ibn Rushd anavuta pumzi yake mbele zaidi, baada ya waliobobea, nao wakaingia katika wanaojua. Usomaji huo una watu wake tangu zamani, hakuuzua yeye. Hoja yake ni kwamba kama wanachuoni hawajui taawili, basi imani yao haina ubora wowote juu ya imani ya mtu mwingine, ilhali aya imewasifu kwa elimu yao. Mimi naona hoja hii ina nguvu, ingawa haimlazimishi anayesimama pale pengine. Naye pia ana wakubwa nyuma yake.

Nikupe kesi moja uone mashine inavyofanya kazi. Mwaka 1095, Al-Ghazali, mwanachuoni aliyekuwa akifundisha Baghdad, alitoa kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa. Aliwahesabia masuala 20, na katika matatu akasema wamekufuru: kwamba ulimwengu ni wa kale usio na mwanzo, kwamba Mwenyezi Mungu hajui mambo madogomadogo mojamoja, na kwamba miili haifufuliwi. Chukua la kwanza.

Ibn Rushd anaanza kwa kutafuta pande zote zimekubaliana nini. Viko vitu vilivyotokana na kitu kingine, vikafanywa na mtendaji, na wakati ukavitangulia: maji, mmea, mnyama. Hivyo wote wanaviita vilivyozuka. Yuko asiyetokana na kitu, asiyefanywa na yeyote, asiyetanguliwa na wakati: huyo ni Mwenyezi Mungu, na wote wanamwita wa kale. Katikati ukakaa ulimwengu mzima. Haukutokana na kitu, wala wakati haukuutangulia, maana wanakalamu, yaani wanachuoni wanaoitetea akida kwa hoja, wenyewe wanakiri kuwa wakati hufuatana na mwendo wa miili; lakini unaye mtendaji. Kwa hiyo unafanana na hivi kwa upande mmoja na na Yule kwa upande wa pili. Aliyeangalia upande wa kwanza akauita uliozuka, aliyeangalia wa pili akauita wa kale, na kwa hakika hauwi hiki wala kile kikamilifu. Mitazamo hiyo haikuachana kiasi cha mmoja kumwita mwenzake kafiri.

Kisha anageuza kibao. Nyinyi mnaosema Mungu alikuwepo na utupu mtupu ndipo akaumba, mmeisoma wapi? Sura ya Hud, aya ya 7, inasema aliumba mbingu na ardhi katika siku sita na Arshi yake ilikuwa juu ya maji. Kwa dhahiri yake, palikuwa na kitu, na palikuwa na wakati, kabla ya ulimwengu huu. Fussilat, aya ya 11, inasema aliielekea mbingu nayo ni moshi. Basi wanakalamu nao wamefanya taawili. Na ikiwa nao wamefanya, ijmai, yaani makubaliano ya wanachuoni wote, wanayodai kwamba wengine wameivunja imetoka wapi? Kuthibitisha ijmai katika mambo ya nadharia, anasema, kunataka uwajue wanachuoni wote wa zama zile, na uwe na uhakika kwamba hawakuficha rai zao. Na waliokuwa wakificha wapo, maana Bukhari anapokea kwa Ali kwamba watu waambiwe wanayoyafahamu, wasije wakamkadhibisha Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Hapo ndipo ninapoanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Kwa maneno hayohayo ya Ali anafunga mlango alioufungua. Anawagawa watu kwa aya ya 125 ya An-Nahl: wa hekima, wa mawaidha mema, na wa mjadala. Wa kwanza ni wachache, ndio wa burhani, na kwao taawili ni wajibu. Kwa wengine ni haramu hata kuwatajia, na anamlaumu Ghazali kwa kuyamwaga haya katika vitabu vya kila mtu. Ukimvunjia mtu dhahiri na hana uwezo wa kuifikia burhani, umemwacha bila dhahiri na bila taawili. Ni hofu ya kweli; nimewaona watu wa namna hiyo. Lakini nani atakayesema fulani ni wa burhani na fulani si wa burhani? Naye mwenyewe aliyaandika kitabuni, na kitabu hakichagui msomaji.

Na mipaka yake ni mikali kuliko anavyodhani mwenzako. Misingi haina taawili: kumkiri Mwenyezi Mungu, utume, na malipo ya akhera. Anayekanusha kwamba akhera ipo ni kafiri kwake pia. Kinachofanyiwa taawili ni namna yake itakavyokuwa, si kuwepo kwake. Kuna mengine yaliyo wazi kuwa ya taawili, na kuna ya katikati ambayo wanachuoni huyatilia shaka yaende upande gani. Humo anayekosea ana udhuru, kama hakimu wa hadithi apatae ujira mmoja akikosea na miwili akipatia. Udhuru huo ni wa mjuzi tu. Hakimu asiyeijua suna akikosea, amekosea.

Kwa hiyo soma somo lako. Ila usianze na Ibn Rushd. Anza na Ghazali, umwache amalize hoja zake kwa nguvu zake zote, kisha ndipo uje kwa huyu wa Kordoba, na msahafu uwe karibu kwa sababu anakupeleka kwenye aya kila mara. Ukimchukua mwenzako msome pamoja, bora zaidi, na mkifika suala la Mungu kuyajua madogomadogo mniandikie mlivyolielewa.

Baba yako