Amekwisha kataa kutuma picha, anaendelea kuombwa: kuna haja ya onyo la mwisho?

Dada mshauri,

Salamu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Naandika kuhusu binti wa kaka yangu. Ana miaka 24, anauza katika duka la dawa Tororo, na kwa desturi mambo ya namna hii huletwa kwangu mimi shangazi kabla hayajafika kwa mama yake. Alikutana na kijana kwenye mikutano ya harusi ya rafiki yao, ile ya kuchanga na kupanga kamati. Kijana anafanya kazi Kampala, ana heshima mbele za watu, na uhusiano wao hauna hata miezi miwili. Tayari anataka picha. Si za kanisani. Anataka za chumbani.

Nikueleze kwanza tulipofika, ili usinijibu mambo ambayo tumeshayapita.

Mwanzoni binti alikataa kwa visingizio. Kamera ya simu ni mbovu. Bando limeisha. Nalala chumba kimoja na mwenzangu. Kila kisingizio kilipatiwa dawa: kijana akaahidi simu mpya, akatuma bando, akauliza mwenzake anatoka saa ngapi. Ndivyo visingizio vinavyofanya kazi siku zote, kwa sababu mwombaji anaelewa kwamba mtu yuko tayari na kilichobaki ni kuondoa kikwazo. "Bado sijawa tayari" ni mbaya zaidi, maana inampa ruhusa ya kuuliza tena wiki ijayo.

Kwa hiyo tulikaa tukaandika jibu lisilo na sababu ndani yake. Likawa hivi: "Mimi situmi picha za namna hiyo kwa mtu yeyote. Naomba usiniombe tena. Habari za kazi leo?" Sentensi tatu tu. Ya kwanza inasema desturi yake, kwa hiyo hakuna cha kubishania kuhusu kijana mwenyewe, kama anaaminika au la. Ya pili inamwambia la kufanya. Ya tatu inamfungulia mlango wa kuendelea na mazungumzo ya kawaida bila aibu, na mwanamume mwenye nia njema hupita hapo haraka na shukrani juu. Hakuna "samahani" humo, kwa kuwa hajamkosea mtu. Tulikubaliana pia aandike, asitume sauti. Sauti hubeba kusita na kicheko cha aibu, na anayeshinikiza husikiliza hivyo kuliko maneno. Halafu asijibu usiku. Maombi yale huja baada ya saa nne usiku, mtu amechoka na yuko peke yake kitandani. Jibu linalotoka asubuhi dukani, mbele ya wateja, huwa fupi lenyewe.

Kijana hakupita mlangoni. Alileta hoja, moja baada ya nyingine, nami nazinakili kama zilivyo kwenye simu.

"Kumbe huniamini." Binti alitaka kuandika aya nzima kuonyesha kwamba anamwamini. Nikamzuia. Ukianza kuthibitisha uaminifu, umekubali kwamba uaminifu hupimwa kwa picha, na kinachobaki ni kupatana idadi. Alijibu: "Kukuamini na kutuma picha ni mambo mawili. Picha situmi."

"Wenzako wote wanatuma." Jibu: "Sawa. Mimi situmi." Basi.

"Tuma ile ya kutazama mara moja, inajifuta." Hapa wasichana wengi huteleza, kwa hiyo nalieleza kidogo. Kweli WhatsApp ina alama ya namba 1 ndani ya duara. Ukiigusa kabla ya kutuma, picha hufunguka mara moja tu, na skrinshoti huzuiwa. Lakini hakuna kinachomzuia mpokeaji kushika simu ya pili juu ya ile ya kwanza na kupiga. Mtumaji hapati taarifa yoyote. Sikumruhusu binti aingie kwenye ubishi huo wa ufundi, maana angejikuta anajadili njia salama ya kufanya jambo ambalo hataki kulifanya. Sentensi ilikuwa ileile.

Kisha akatuma picha yake mwenyewe, haikuombwa, na chini yake: "Mimi nimeanza, zamu yako." Hii ni hila ya deni. Ikaja na mshtuko mwingine: simu ya binti ilikuwa imewekwa kupakua picha zenyewe, hivyo ilitua moja kwa moja kwenye matunzio, na mfanyakazi mwenzake alikuwa ameiazima apige picha ya boksi la dawa. Tangu siku hiyo tumezima upakuaji kwenye Settings, Storage and data, Media auto-download, na tumezima Media visibility ili za WhatsApp zisichanganyike na za familia. Alijibu hivi: "Sikuomba picha hiyo na nimeifuta. Usinitumie nyingine. Haibadilishi jibu langu." Hakuisifu, hakuicheka, wala hakumwonyesha mtu. Kumwonyesha rafiki kungempa kijana la kulalamikia, na kwa haki.

Deni la pili lilikuwa la pesa. Alikuwa amemtumia shilingi 50,000 kwa simu bila kuombwa, na baadaye akaanza kuzitaja kila anapokataliwa. Nilimwambia azirudishe zote, gharama ya kutuma aibebe mwenyewe, aweke ujumbe wa uthibitisho, aandike mstari mmoja: "Nimerudisha elfu 50." Bila maelezo ya hasira. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua iliyomshtua kijana kuliko maneno yote, kwani siku tano zilizofuata alikaa kimya kabisa.

Kimya hicho pia ni shinikizo. Binti alikuwa anatazama simu kila dakika, akataka kuuliza "umekasirika?" Ukiuliza hivyo, umemkabidhi bei ya kurudi kwake. Akaniahidi hatauliza, na hakuuliza. Siku ya sita kijana alirudi na msamaha mzuri sana: alikuwa na msongo kazini, amekosea, anampenda, anataka aje awaone wazazi. Sote tulipumua. Kesho yake jioni: "Basi hata ya mabega tu, nione kama umenisamehe."

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba tatizo si picha. Aliposhusha ombi kutoka kubwa hadi dogo, alitafuta "ndiyo" ya kwanza tu, ya ukubwa wowote, na akaifunga kwenye msamaha. Mtu aliyesikia katazo haombi punguzo. Binti alimwandikia: "Nimesema picha situmi, na hiyo ni pamoja na ya mabega. Ukiomba tena nitaacha kuwasiliana nawe." Kijana akajibu kwa vikaragosi vya kucheka na "Haya madam."

Tumejiandaa pia kwa lililo baya zaidi, ingawa hajatisha. Mazungumzo yote yenye tarehe yamehifadhiwa nje ya simu kwa kutumia Export chat, bila picha zake, na skrinshoti zinaonyesha namba yake, si jina alilomwandikia yeye. Tulifanya mapema kwa sababu WhatsApp humruhusu mtumaji kufuta ujumbe pande zote mbili kwa zaidi ya siku mbili. Na nimesoma Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta kama ilivyotungwa mwaka 2011: kifungu cha 24 kinahesabu hata ombi au pendekezo la kifuska lililotumwa kwa vyombo hivi kuwa usumbufu wa kimtandao, adhabu ikiwa faini hadi pointi 72, yaani shilingi 1,440,000, au kifungo hadi miaka 3, au vyote. Lakini nimemkataza kuitaja kwa sasa. Ukimtajia sheria mtu ambaye hajatisha, mazungumzo yanakuwa ya ugomvi, naye anapata nafasi ya kujifanya aliyeonewa. Akitisha, au akidai pesa, hapo ni kituo cha polisi na ushahidi mkononi, bila kumlipa hata shilingi, maana anayelipwa hurudi.

Sasa nakuja kwenye maswali, maana hapa nyumbani tumegawanyika.

Mama yake anasema binti ni mkali mno. Hoja yake: kijana ana kazi, ametaja wazazi, na vijana wa leo wote huomba, basi amwelekeze taratibu asimpoteze. Nyuma ya hoja hiyo kuna hofu ninayoielewa. Mama anakumbuka miaka ya Sheria dhidi ya Ponografia ya 2014, ambapo mwanamke aliyevujishiwa picha ndiye aliyeogopa kukamatwa, na habari ya kwamba Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vyake vikuu Agosti 2021 haijamfikia moyoni. Kwa hiyo anataka jambo lote linyamaziwe: picha zisitumwe, na kijana asikasirishwe. Mimi naona hayo mawili hayakai pamoja kwa muda mrefu.

Kwanza, akiomba tena, je, binti adaiwe onyo lingine? Mimi nasema onyo limeshatolewa, na likirudiwa linakuwa maneno matupu. Ningemtaka aandike, "Nilikuambia nitaacha, na sasa naacha. Kila la heri," kisha ambloku hapohapo asingoje jibu. Mama yake anataka nafasi moja zaidi. Kama wewe unaona nafasi hiyo ina maana, niambie ipimwe kwa nini: kwa wiki bila kuombwa, au kwa jinsi anavyopokea katazo jingine lisilohusu picha kabisa?

Pili, kuna wanaonishauri mimi shangazi nimpigie kijana. Sitaki. Nikimpigia mimi, atajifunza kwamba katazo la binti halina uzito mpaka mkubwa aingie, na atasubiri siku nisipokuwepo. Ila akifika kwa wazazi kweli, bila kubadilika, ninanyamaza?

Tatu ndilo la haraka. Wote wawili wako kwenye kamati ya ile harusi, na mkutano ujao ni Jumapili. Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyewakutanisha, ana tabia ya kuwatania mbele ya watu na kuwatoza mchango kama "wachumba." Kama binti atakuwa amemwacha kufikia siku hiyo, nimemwandalia jibu: "Hatuko pamoja tena, tuendelee na ajenda." Anauliza aseme nini akifuatwa pembeni baadaye na kuulizwa sababu, na watu wanaompenda huyo kijana. Sababu ya kweli itamfunua, ya uongo itamrudisha kwenye visingizio tulivyotoka.

Ni mimi,
Shangazi wa Busia