Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba: Faji Haisajiliki kama Panadoli

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Yah: Njia ya kuruhusu tiba ya faji kwa wagonjwa ambao antibayotiki zimeshindwa

Mimi ni mteknolojia wa maabara ya vimelea, mmoja wa wale ambao madaktari huwapigia simu kuuliza, "Kweli hakuna hata dawa moja inayoshika?" Siku hizi mara nyingine jibu ni kwamba kweli hakuna: kila dawa tuliyoiweka kwenye sahani imezungukwa na bakteria wazima.

Faji ni virusi vinavyoshambulia bakteria tu. Hujibandika kwenye ukuta wa bakteria, huingiza vinasaba vyake, huzaliana humo ndani, kisha humpasua na kutoka kwa wingi kutafuta wengine. Faji hazigusi seli za binadamu. Si jambo jipya: Taasisi ya Eliava ya Tbilisi, Georgia, inashughulika nazo tangu 1923. Ugumu ni kwamba faji huchagua sana. Inayoua bakteria wa mgonjwa wa kitanda cha kwanza inaweza isimguse kabisa wa kitanda cha pili, hata kama jina la bakteria ni lilelile.

Kisa cha Tom Patterson, profesa wa San Diego, kinaonyesha hali hiyo vizuri. Aliugua akiwa matembezini Misri mwishoni mwa 2015. Jiwe la nyongo lilikuwa limemletea uvimbe wa majimaji kwenye kongosho, na humo wakakutwa bakteria sugu waitwao Acinetobacter. Mkewe, Steffanie Strathdee, mtaalamu wa epidemiolojia, na Dk. Robert Schooley wakaomba msaada kwa maabara zilizohifadhi faji. Watafiti wa Chuo cha Texas A&M na wa Jeshi la Majini la Marekani wakazijaribu dhidi ya bakteria waliotolewa kwa mgonjwa mwenyewe, na zilizofaa zikasafishwa. Usafishaji huo si wa kupuuzwa, maana bakteria wanaotumika kuzalisha faji huacha sumu iitwayo endotoksini, ambayo ikiingia kwenye damu inaweza kumuua mgonjwa kabla ya ugonjwa wenyewe. Mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa ruhusa ya dharura. Machi 2016 faji ziliingizwa tumboni kupitia mirija, na siku mbili baadaye kwenye mshipa. Akazinduka siku chache baadaye, na Agosti akarudi nyumbani.

Watu wengi hukimaliza kisa hapo. Ukweli ni kwamba bakteria walizizoea faji za kwanza katikati ya matibabu, ikabidi itafutwe nyingine na kutumika pamoja na antibayotiki iitwayo minosaiklini. Mgonjwa mmoja hathibitishi tiba, tena alikuwa akipewa dawa nyingine.

Anayetaka kuona upande wa pili asome jaribio la PhagoBurn, lililofanyika Ufaransa na Ubelgiji kwa wagonjwa wa majeraha ya moto na kuchapishwa 2019. Mchanganyiko wa faji 12 ulikusudiwa kuwa na faji milioni moja kwa kila mililita. Ulipofika kwenye jeraha, zilikuwa zimebaki kati ya 10 na 100, kwa sababu zilikuwa zikifa kwenye chupa. Krimu ya kawaida ya fedha ikapunguza bakteria haraka zaidi, na jaribio likasimamishwa mapema. Binafsi siliiti jaribio hilo ushahidi kwamba faji hazifanyi kazi. Linaonyesha kwamba asiyehesabu faji zilizo hai siku ya kumpa mgonjwa hajui amempa nini.

Ndiyo maana naandika kwako. Dawa tulizozoea husajiliwa chupa kwa chupa: mchanganyiko mmoja, kiwanda kimoja, miaka kadhaa. Mchanganyiko wa faji uliofungwa hivyo utapitwa na bakteria kabla cheti hakijakauka wino. Ubelgiji, tangu 2018, wameamua kusimamia namna ya kutengeneza. Maabara iliyoidhinishwa hupima kila faji na kutoa cheti, daktari huandika, mfamasia huandaa kwa ajili ya mgonjwa huyo tu. Ripoti ya wagonjwa 100 wa kwanza waliohudumiwa kupitia Hospitali ya Kijeshi ya Malkia Astrid, iliyochapishwa 2024, inasema asilimia 77 hivi walipata nafuu, na kwamba bila antibayotiki sambamba bakteria walikuwa vigumu zaidi kumalizika. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo takwimu hiyo ishikwe kwa tahadhari.

Ombi langu ni kwamba Mamlaka iandike mwongozo wa aina hiyo, kwa kuanzia na wagonjwa ambao vipimo vimeonyesha hawana antibayotiki iliyobaki. Cheti cha kila faji kioneshe mambo manne: kwamba inaua bakteria wa mgonjwa husika, kwamba haina vinasaba vya sumu wala vya usugu, kiasi cha endotoksini, na idadi ya faji hai iliyopimwa siku ya kutolewa. Daktari naye alazimike kuotesha tena sampuli wakati wa matibabu na kutuletea, ili usugu dhidi ya faji ugunduliwe mapema na faji mbadala iwe tayari.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteknolojia wa maabara, Mwanza