Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tafsiri ya Dodoso na Taarifa ya Uaminikaji Wake

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha mtayasikia kwa Mhazini, na Katibu atasoma majina ya wanachama wapya. Nafasi yangu naitumia kwa jambo moja lililoishughulisha sana Kamati ya Tafsiri mwaka huu: madodoso yanayofika mezani petu na tafsiri ya kurudi kwenye lugha ya asili iliyonyooka kabisa, huku kauli mojawapo ikipima kitu kingine.

Mfano mzuri ni kipimo cha kujithamini cha Rosenberg cha mwaka 1965, ambacho wengi wetu tunakitumia. Kina kauli 10, tano chanya na tano hasi. Mhojiwa huchagua kati ya "nakubali sana", "nakubali", "sikubali" na "sikubali kabisa". Tukizipa kauli chanya alama 4 hadi 1, zile hasi hugeuzwa kwa kutoa alama ya mhojiwa kwenye 5, ili alama kubwa imaanishe kujithamini zaidi kote.

Kauli ya 8 ni hasi. Mtu anasema anatamani angekuwa na heshima zaidi kwa nafsi yake, maana yake kwa sasa anajiona duni. Wafasiri wengi huandika: "Natamani ningejiheshimu zaidi." Mpe mfasiri wa pili airudishe kwenye Kiingereza, na utapata karibu neno kwa neno la Rosenberg. Kamati inapiga tiki, inaendelea na kauli ya 9.

Sasa isome kauli hiyo kwa mama anayeanika dagaa Igombe au Kayenze, kando ya Ziwa Victoria. Kwake, kujiheshimu ni mwenendo: kuvaa vizuri, kutokulewa ovyo, kutotukanana mwaloni. Mtu mwenye fahari na maisha yake atajibu "nakubali sana", kwani nani hataki kujiheshimu zaidi? Sisi tunaigeuza alama yake ya 4 kuwa 1, na kwenye jedwali anaonekana amejidharau. Tafsiri ya kurudi haiwezi kuliona hili, kwa sababu mfasiri anayerudisha hulinganisha maneno na maneno. Hajibu swali kama mhojiwa. Na kama amesoma saikolojia, huenda anakijua kipimo kwa kichwa, basi hurudisha anachokumbuka badala ya kilichoandikwa.

Kwa hiyo utaratibu tunaosisitiza ni huu. Wafasiri wawili wanatafsiri kila mmoja peke yake, wanakaa na mtu wa tatu kuunganisha matoleo yao, kisha watu wengine wawili ambao hawajawahi kuona dodoso la asili wanarudisha. Njia ya kurudisha aliieneza Brislin tangu mwaka 1970, na bado ina kazi: inanasa kauli iliyorukwa, kanusho lililopotea, "mara nyingi" iliyogeuka "mara kwa mara". Lakini hukumu ya mwisho iko kwa wahojiwa. Mwongozo wa Beaton na wenzake wa mwaka 2000 unapendekeza kujaribia toleo kwa watu 30 hadi 40, na kumwuliza kila mmoja ameelewa nini na kwa nini amechagua jibu lile. Hapo ndipo kauli ya 8 hujifichua. Mhojiwa akieleza jibu lake kwa kutaja mavazi, pombe au lugha chafu, kauli imeshapotea njia.

Marekebisho yanayofaa ni kama "Natamani ningejiona mtu wa thamani zaidi." Tahadhari: ikirudishwa kwenye Kiingereza, kauli hii itakuwa mbali zaidi na ya asili kuliko ile ya kwanza, na kutakuwa na mjumbe atakayetaka mrudi kwenye ile "sahihi". Msirudi. Andikeni sababu kwenye kumbukumbu za kikao, jaribuni upya, na kama kibali cha maadili kilitolewa kwa toleo la zamani, pelekeni mabadiliko kwa kamati iliyokitoa kabla ya kwenda uwandani.

Je, dodoso likiwa limeshatumika? Hapo ndipo alfa ya Cronbach, kipimo cha uaminikaji, husaidia, ikisomwa kwa kina. Hizi ni namba za mafunzo, si za utafiti wowote. Kauli 10, jumla ya varianzi za kauli 8.0, varianzi ya alama za jumla 25.0:

```
alfa = (10/9) × (1 − 8.0/25.0) = 0.76
```

Wengi huishia hapo, wanaandika "uaminikaji unakubalika". Lakini fungueni jedwali la kauli mojamoja. Katika programu ya R:

```
library(psych)
alpha(data[, 1:10])
```

Safu ya `r.drop` inaonyesha jinsi kila kauli inavyokwenda na jumla ya zile nyingine. Katika mfano wetu kauli ya 8 ina −0.09, na ikiondolewa alfa inapanda hadi 0.80. Kwanza hakikisheni kauli zote tano hasi zimegeuzwa, kwani kusahau kugeuza huleta dalili hiyohiyo. Kama zimegeuzwa, tatizo ni maana. Msikimbilie `check.keys=TRUE`: inaweza kuigeuza kauli yenyewe, alfa ikapendeza, na ninyi mkabaki na kauli ya kujidharau iliyohesabiwa kama ya kujisifu.

Kuifuta kauli nako kuna gharama. Alama zinakuwa 9 hadi 36 badala ya 10 hadi 40, na wastani wenu haulinganishiki tena moja kwa moja na wa wengine. Ushauri wa Kamati ni kuripoti yote mawili, matokeo ya kauli 10 na ya kauli 9, na kueleza wahojiwa walisema nini.

Neno moja kuhusu kupima mara mbili. Vitabu vingi hupendekeza wiki mbili kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Kwa wavuvi wa dagaa wa ziwa letu muda huo ni mbaya kuliko yote. Wao huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea hupumzika. Ukipima gizani na ukarudi baada ya wiki mbili, umemkuta mtu asiye na kipato cha siku. Tofauti ya majibu itakuwa ya maisha, nanyi mtailaumu dodoso. Rudini baada ya siku 29 au 30, mwezi ukiwa palepale.

Kwenye ripoti, sentensi ya "dodoso lilitafsiriwa na kurudishwa, alfa ilikuwa nzuri" haitoshi. Aya inayokidhi inasema wafasiri walikuwa wangapi na lugha yao ya kwanza ni ipi (Kisukuma, Kikerewe au Kijita si jambo dogo hapa), nani hakuona toleo la asili, kauli zipi zilibadilishwa na kwa nini, waliojaribiwa walikuwa wangapi. Alfa iwe ya sampuli yenu wenyewe, na idadi ya wahojiwa na masafa ya imani ya asilimia 95, si ile iliyonakiliwa kwa mtafiti wa nchi nyingine.

Kamati inaleta pendekezo moja la kupigiwa kura chini ya ajenda namba 6: kuanzia mwaka ujao, dodoso lisipokelewe kwa mapitio bila matoleo mawili ya tafsiri ya kwanza, matoleo mawili ya kurudi, kumbukumbu za kikao cha kuunganisha, na majibu ya wahojiwa wa majaribio yaliyoandikwa kwa maneno yao wenyewe. Atakayetaka marekebisho ya pendekezo ayakabidhi kwa Katibu kabla ya mapumziko ya chai.

Mwenyekiti